Skripti za mwezi kwa mkupuo mmoja: ratiba ya video kwa mtu anayefanya kazi peke yake



Katika kampasi zetu hapa Rubavu wapo wenzetu wengi walioanzisha ukurasa wa video fupi. Wiki ya kwanza zinatoka video tano, wiki ya pili tatu, wiki ya nne hakuna kitu. Mara nyingi mtu hajaishiwa maarifa. Kinachomshinda ni kwamba kila jioni anaanza upya: atafute la kusema, aliandike, alirekodi, alikate na kulirusha, yote baada ya vipindi. Kazi nne tofauti zinagombania saa mbili zile zile. Somo letu linahusu kazi moja kati ya hizo, uandishi wa skripti, na jinsi ya kuimaliza kwa mkupuo kabla mwezi haujaanza, kila siku ya wiki ikiwa na mada yake.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Chukulia mwanafunzi wa Gisenyi anayefundisha Kiswahili kwa Wanyarwanda kwa video za dakika moja. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini tangu 2017, kwa hiyo watazamaji wapo. Anafanya kila kitu peke yake, kwa simu moja. Mwezi anaoupanga ni Machi 2026. Tumeuchagua kwa makusudi kwa sababu una vikwazo vyake: sehemu kubwa ni Ramadhani, Idi iko ndani yake, na ukiisha tu Aprili inaingia na maombolezo.

1. Hesabu nafasi kabla ya kutafuta mada

Kosa la kawaida ni kuanza na orodha ya mawazo. Anza na kalenda. Mwanafunzi wetu ana uwezo wa kurekodi na kukata video tatu kwa wiki, basi anachagua siku tatu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wengi hapa wangesema wiki nne mara tatu ni kumi na mbili. Lakini mwezi wa siku 31 una siku tatu za wiki zinazojirudia mara tano, na wa siku 30 una mbili. Februari ya siku 28 peke yake ndiyo yenye nne nne. Machi 2026 inaanza Jumapili, kwa hiyo Jumapili, Jumatatu na Jumanne ziko tano tano. Maana yake ana Jumatatu tano, Jumatano nne na Ijumaa nne, jumla nafasi 13. Aliyeandika skripti 12 atajikuta tarehe 30 hana kitu, na hapo ndipo mazoea ya kuruka siku huanzia.

Halafu pima urefu wa skripti. Miongozo mingi ya video imeandikwa kwa lugha nyingine, na idadi ya maneno inayotajwa humo haitufai. Neno moja la Kiswahili hubeba mzigo wa maneno kadhaa: "sikuwaambia" lina mkanushaji, mtendaji, wakati, watendwa na kitendo. Njia ya uhakika ni kusoma ukurasa wako mwenyewe kwa sauti mbele ya simu, kwa mwendo wa kufundisha, kisha kuhesabu maneno yaliyoingia katika dakika moja. Mwanafunzi wetu amepata kama mia moja. Hicho ndicho kipimo chake, na skripti ikifika maneno mia moja na thelathini anajua itapita muda kabla hajawasha kamera.

2. Mada ya siku ni umbo

Aliyewahi kuhudhuria darsa msikitini anaijua mantiki hii. Jumatatu ni somo hili, Jumatano ni lile, na msikilizaji anajua siku ipi aje. Ila mada ya video fupi inahitaji kitu cha ziada: iwe na umbo lisilobadilika, ili mwandishi asibuni muundo upya kila mara. "Sarufi" ni uwanja mpana mno kuwa mada ya siku. "Neno moja linaloandikwa sawa kwa Kinyarwanda na Kiswahili lakini maana ni mbili" ndiyo mada, kwa sababu tayari inakuambia video itaanza wapi na itaishia wapi.

Mada tatu za mfano wetu ni hizi. Jumatatu ni *Neno lenye mtego*, kama tulivyoeleza. Jumatano ni *Mpakani*: namna moja ya kusema inayosikika Goma, ikiwekwa kando ya Kiswahili cha darasani. Ijumaa ni *Swali lako*: jibu kwa swali lililoulizwa na mtazamaji wiki hiyo hiyo.

Kabla ya kuikubali mada, ijaribu. Weka saa kwa dakika kumi na uandike vichwa vinane. Ukikwama kwenye cha nne, ulichonacho ni video tatu nzuri, na video tatu hazitoshi mwezi. Jumatatu ya mfano wetu inapita bila shida. Kuna *gusa*, ambalo kwa Kinyarwanda ni "tu" na kwa Kiswahili ni kuweka mkono juu ya kitu. *Umuti* ni dawa, nasi tuna "mti". *Guteka* ni kupika, wakati kwetu "kuteka" ni kuchota maji. *Ejo* ni jana na pia kesho, wakati Kiswahili kinakulazimisha uchague. *Kuruka* kwa Kinyarwanda ni kutapika. Na *kubaka*, ambalo kwa Kinyarwanda ni kujenga, kwa Kiswahili ni kosa la jinai dhidi ya mtu.

Neno hili la mwisho linafundisha jambo. Umbo la Jumatatu huanza na kisa chepesi cha mtu aliyechanganya maneno sokoni. Ukiliweka "kubaka" ndani ya umbo hilo, utakuwa umefanya mzaha na jambo zito. Wazo ni zuri na Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili lazima alijue, lakini si la Jumatatu. Litoe, liweke pembeni, ulitengenezee video ya peke yake yenye sauti nyingine. Ukiona wazo linapigana na umbo, usilazimishe.

3. Andika kwa mada, usiandike kwa tarehe

Hapa ndipo mkupuo unapolipa. Watu wengi wakiamua kuandika za mwezi mzima huanza na tarehe 2, kisha tarehe 4, kisha tarehe 6. Hivyo wanabadilisha umbo kila skripti, na uchovu unakuja baada ya ya tatu. Fanya kinyume. Kikao cha kwanza andika Jumatatu zote, kikao cha pili Jumatano zote. Skripti ya kwanza huenda ikakuchukua dakika arobaini kwa sababu unatafuta sauti yake. Kufikia ya nne mkono umeshazoea na muda unapungua sana.

Tuone umbo la Jumatatu likifanya kazi. Lina sehemu tatu: kisa, sababu, na jaribio. Hii ni skripti ya tarehe 2:

> Umefika sokoni, unataka nyanya, vitunguu hutaki. Unamwambia muuzaji: "Nipe nyanya gusa." Kama amekulia Tanzania, atakutazama tu. Amesikia "nyanya", kisha amesikia "gusa". Aguse nini?
>
> Kwa Kinyarwanda, gusa maana yake ni hiyo peke yake, hakuna nyingine. Kwa Kiswahili, gusa ni kuweka mkono juu ya kitu. Usiguse sufuria, ina moto. Maandishi ni yale yale, maana hazikutani.
>
> Unachokitafuta ni neno fupi: tu. Nipe nyanya tu. Nina mia tano tu. Nimekuja mimi tu. Linakaa nyuma ya kile unachokipunguza, kama gusa linavyokaa kwa Kinyarwanda.
>
> Sasa zamu yako: *ndashaka amazi gusa*. Kwa Kiswahili utasemaje? Andika hapa chini.

Ni kama maneno tisini, kwa hiyo inaingia katika dakika ikiwa na nafasi ya kupumua. Ukitaka kuandika ya *guteka*, hubuni chochote kuhusu muundo. Unatafuta kisa kimoja cha jikoni, sababu moja, na sentensi moja ya kujaribu.

Mkupuo una ugonjwa wake, nao lazima uujue. Skripti tano zilizoandikwa kikao kimoja huanza kufanana kama mapacha. Ukiwa unaandika huoni, kwa sababu kila moja peke yake ni nzuri. Mtazamaji ndiye anayeona, anapofungua ukurasa na kukuta video tatu zote zinaanza na "Umefika sokoni". Dawa ni kuzisoma sentensi za kwanza pekee, zote kwa mfululizo, siku inayofuata. Zikiwa na neno la kwanza moja au mahali pamoja, badilisha: moja ianze jikoni, moja kwenye basi la Kigali, moja na swali. Fanya vivyo hivyo kwa sentensi za mwisho. Umbo libaki, mlango wa kuingilia ubadilike.

Jumatano ina hatari nyingine. Mtu wa Goma husema *batoto* kwa watoto, *batu mingi* kwa watu wengi, na *franga* kwa pesa. Ukiandika nne kwa mkupuo ukiwa peke yako chumbani, ni rahisi sauti ikateleza kutoka kueleza hadi kucheka watu. Kabla ya kurekodi, mpe mwenzako wa Goma azisome zote nne kwa pamoja. Akisoma moja anaweza kunyamaza kwa adabu, lakini akizisoma nne atauona mwelekeo na kukuambia.

Na Ijumaa? Ijumaa haiandikwi. Swali la mtazamaji wa wiki ya tatu bado halijaulizwa, na ukilibuni mwenyewe watu watajua. Kinachoandikwa mapema ni kiunzi tu: sentensi ya kufungua, nafasi ya kusoma swali, na sentensi ya kufunga. Katikati inajazwa Jumatano jioni. Kwa hiyo katika nafasi 13, skripti kamili ni tisa na viunzi ni vinne. Ongeza mbili za akiba, moja ya Jumatatu na moja ya Jumatano, zisizotaja tarehe wala tukio lolote. Siku utakayougua au simu itakayoharibika, akiba ndiyo itakayoshika zamu.

4. Kuziweka kwenye kalenda

Baada ya kuandika ndipo tarehe zinagawiwa. Tumia jedwali la kawaida kwenye simu au daftari. Kwa mfano wetu linakuwa hivi:

| Tarehe | Siku | Kichwa | Saa | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 2 | Jumatatu | Gusa na tu | 21:00 | tayari |
| 4 | Jumatano | Batoto, watoto | 21:00 | tayari |
| 6 | Ijumaa | Swali lako | 21:00 | kiunzi |
| 9 | Jumatatu | Umuti na mti | 21:00 | tayari |
| 11 | Jumatano | Franga, pesa | 21:00 | tayari |
| 13 | Ijumaa | Swali lako | 21:00 | kiunzi |
| 16 | Jumatatu | Guteka na kuteka | 21:00 | tayari |
| 18 | Jumatano | Batu mingi | 21:00 | tayari |
| 20 | Ijumaa | (wazi) | – | subiri mwezi |
| 23 | Jumatatu | Ejo: jana au kesho? | 19:00 | tayari |
| 25 | Jumatano | Salamu za Goma | 19:00 | tayari |
| 27 | Ijumaa | Swali lako | 19:00 | kiunzi |
| 30 | Jumatatu | Kuruka | 19:00 | tayari |

Angalia mpangilio wenyewe. *Guteka* limewekwa ndani ya Ramadhani kwa sababu mazungumzo ya jikoni yana nafasi yake wakati huo. *Kuruka*, lenye habari ya kutapika, limesogezwa hadi baada ya Idi, lisimkute mtu mezani kwenye futari. Saa nazo zina sababu. Hapa kwetu jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, kisha kuna futari, isha na tarawehe. Video ya saa moja jioni katika mwezi huo inarushwa kwa watu ambao hawajashika simu. Mfungo ukiisha, saa inarudi kama kawaida.

Safu ya saa ina mtego wa lugha yetu. Sisi tunasema saa tatu usiku, na programu inataka 21:00. Ukiandika "3:00" kwenye jedwali, ipo siku utaiingiza hivyo hivyo kwenye simu na video itatoka alfajiri watu wakiwa kwenye daku au usingizini. Andika saa kama skrini inavyoisoma, kwa tarakimu nne.

Nafasi ya tarehe 20 ndiyo inayopima kama umeelewa somo. Ukikaa kupanga mwishoni mwa Februari, kalenda inakuambia Idi itakuwa Ijumaa tarehe 20 au Jumamosi tarehe 21, lakini mwandamo ndio utakaoamua. Usiweke video ya Idi ijirushe yenyewe. Iandike, irekodi, ihifadhi ikiwa kamili, na uirushe kwa mkono usiku Idi itakapotangazwa. Nafasi ya Ijumaa inaachwa wazi kabisa, na swali la wiki hiyo linajibiwa tarehe 27. Kanuni ni kwamba tukio lisilo na tarehe ya uhakika huandikwa mapema lakini halipangiwi saa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tarehe 28, asubuhi ni umuganda. Haigusi siku za kurusha, lakini ukiwa umezoea kurekodi Jumamosi asubuhi, weka alama kwenye kalenda na usogeze mapema.

5. Video inayojirusha haijui kilichotokea

Sehemu hii iko mwisho lakini usiiruke. Ukishapanga video zijirushe zenyewe, umeipa mashine ruhusa ya kusema kwa jina lako siku ambayo hujaiona bado. Katika mji wetu hilo si jambo dogo.

Kuna siku zinazojulikana. Tarehe 7 Aprili Rwanda inaanza kukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na wiki hadi tarehe 13 ni ya maombolezo. Mwaka 2026 wiki hiyo ina Jumatano tarehe 8, Ijumaa tarehe 10 na Jumatatu tarehe 13. Aliyefurahia mkupuo wa Machi akaongeza na wa Aprili bila kutazama, atakuwa na kisa cha kuchekesha cha *Neno lenye mtego* kikitoka siku ya 13 katikati ya majonzi ya jirani zake. Hakuna atakayemwelewa akisema "ilijirusha yenyewe". Basi kabla ya kuandika mwezi wowote, hatua ya kwanza ni kuzifuta kwa kalamu nyekundu tarehe ambazo ukurasa utanyamaza.

Kuna siku zisizojulikana. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba hapa Gisenyi huku watu wa Goma wakivuka mpaka kwa maelfu. Fikiria video nyepesi ya *Mpakani* ikijirusha Jumatano ya wiki hiyo. Hakuna kalenda inayoweza kutabiri hilo, lakini inaweza kujiandaa kwa mambo mawili. La kwanza, usipange kujirusha zaidi ya wiki moja mbele, hata kama skripti za mwezi mzima ziko tayari. Mkupuo ni wa kuandika na kurekodi. Kurusha kunabaki kwa wiki. La pili, jua namna ya kusimamisha. Kwenye YouTube Studio, kwa mfano, video iliyopangwa husimamishwa kwa kuingia `Visibility` na kubadilisha `Schedule` kuwa `Private`. Ifanyie jaribio siku ya kawaida, upime unatumia dakika ngapi kuzisimamisha zote. Zikizidi tano, punguza idadi ya zilizopangwa. Mpe pia mtu mmoja unayemwamini ruhusa ya kuingia, kwa sababu siku kama hiyo wewe mwenyewe unaweza kuwa njiani umebeba godoro.

Zoezi la wiki

Kwa wanaotaka kujaribu, fanya haya kwa mwezi ujao kwa utaratibu huu. Chukua kalenda, futa kwanza siku za kunyamaza, kisha hesabu nafasi kwa siku mbili tu za wiki. Soma ukurasa mmoja kwa sauti na upate maneno yako ya dakika moja. Andika vichwa vinane kwa kila mada kwa dakika kumi, na uiache mada iliyokwama. Chukua mada iliyobaki, andika skripti zake zote kikao kimoja. Kesho yake soma sentensi za kwanza pekee. Ukikuta tatu zinaanzia mahali pamoja, rekebisha mbili, kisha ndipo ugawe tarehe.

Wabillahi tawfiq.